Stima imepotea, matatu zimegoma, daraja limefungwa: jinsi ya kuahirisha kikao kwa meseji moja fupi

Kila stima ikipotea asubuhi, au matatu zikigoma, naulizwa maswali yaleyale na watu walioanza juzi kazi ya kupanga vikao: nitume saa ngapi, niandike nini, niombe radhi mara ngapi, nisubiri kidogo labda hali itatulia? Nimeyajibu mmoja mmoja vya kutosha. Haya hapa yote, kwa mtu wa Mombasa anayepanga kikao cha watu watano hadi kumi na tano, cha ofisi au cha chama.

Nitakaa zaidi kwenye mgomo wa matatu kwa sababu ndio unaowasumbua wengi. Ukiuweza huo, stima na barabara ni mabadiliko madogo tu.

Uwe na nini kabla ya siku kuharibika

Orodha ya watu, na mbele ya kila jina andika namba ya simu na mahali anapotokea. Hapo pa pili ndipo wengi wanaporuka. Kisiwa chetu kina milango michache: Daraja la Nyali upande wa kaskazini, Makupa upande wa bara, na feri ya Likoni upande wa kusini. Ukijua mhasibu anatoka Likoni na wawili wanatoka Mtwapa, siku daraja likifungwa unajua mara moja ni nani wa kupigiwa kwanza. Usipojua, utaanza kuuliza kwenye grupu "jamani nani yuko wapi?" na nusu saa imeshakwenda. Orodha hiyo iwe kwenye simu na pia kwenye karatasi, maana simu nayo huishiwa na chaji.

Kredo ya kawaida. Bando peke yake halitoshi. Stima ikipotea eneo zima, minara ya simu huendelea kwa betri au jenereta, na intaneti ndiyo huanza kusuasua. Meseji ya kawaida na simu ya sauti huweza kupita pale ambapo WhatsApp imekwama. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ilipoingia gizani, mwenye bando tupu hakuwa na la kufanya.

Ruhusa. Ulizia mapema kwa mwenyekiti au bosi: stima ikipotea au njia zikifungwa, naweza kuahirisha mwenyewe au lazima nikupigie? Kama lazima apigiwe, nani anashika nafasi yake asipopatikana? Swali hili liulizwe siku ya utulivu, siyo saa kumi na mbili alfajiri.

Muda wa akiba. Unapopanga kikao cha Jumanne, jua tayari kwamba Alhamisi saa ileile wale wakuu wako huru. Huna haja ya kuutangaza, uandike tu pembeni ya orodha yako.

Hatua ya 1: Hakikisha tatizo ni la kweli, na ni la ukubwa gani

Kwa stima, anza na mita yako. Wanaotumia tokeni wengi wametangaza "stima imepotea" kumbe tokeni zimekwisha na jirani feni yake inazunguka. Kama jirani naye yuko gizani, ripoti kwa *977# upate namba ya kumbukumbu. Kisha tazama tangazo la Kenya Power la kukatwa stima kwa matengenezo. Orodha hiyo hutoka mapema, na sehemu yetu iko chini ya kichwa COAST REGION, ikitaja eneo, tarehe na saa. Mara nyingi saa zenyewe ni kuanzia tatu asubuhi hadi kumi na moja jioni. Ukikuta eneo lako limo, una jibu kamili: leo mchana hakuna kikao cha kompyuta hapo. Usipolikuta, basi ni hitilafu ya ghafla, na hakuna anayejua itarudi lini. Usiwaandikie watu "itarudi baada ya saa moja" kwa sababu askari wa getini amesema hivyo.

Kabla ya kuahirisha kwa ajili ya stima, jiulize pia kama kikao chenyewe kinahitaji stima. Watu sita wanaokuja kusikiliza hesabu na kutia sahihi hawahitaji projekta. Wanahitaji meza na dirisha. Lakini mwezi wa Februari au Machi, orofa ya tatu, chumba kisicho na upepo na feni zimekufa, baada ya dakika ishirini hakuna anayesikiliza chochote. Hapo hamisha mahali badala ya siku, kama mna pa kwenda.

Kwa barabara na feri, piga simu kwa mtu aliye papo hapo sasa hivi. Usitegemee video iliyozungushwa kwenye magrupu, kwani video za foleni ya Likoni za mwaka juzi huwa zinarudi kama mpya. Ukimpata mtu aliyeko Likoni, muulize swali moja zaidi: ni magari yaliyokwama, au hata watu wa miguu hawavuki? Mara nyingi foleni ya magari imefika mbali na huku wapita kwa miguu wanavuka kama kawaida. Mhasibu wako akivuka kwa miguu hana tatizo, na mwenyekiti aliye ndani ya gari ndiye aliyekwama.

Kwa mgomo, tofautisha tishio na mgomo wenyewe. Migomo mingi hutangazwa mapema, na mingine huvunjwa usiku baada ya mazungumzo. Mwaka 2018, tarehe ya kurudishwa kwa msako wa Sheria za Michuki, 12 Novemba, ilijulikana wiki kadhaa kabla, na asubuhi hiyo matatu nyingi hazikutoka barabarani. Tarehe inayojulikana namna hiyo hupangi kikao juu yake. Kwa mgomo uliotangazwa jana jioni, subiri hadi alfajiri uone kama gari zinatoka Mtwapa na Bamburi. Saa kumi na mbili na nusu makanga ama wanaita abiria ama hawaiti, na huo ndio ushahidi wako.

Hatua ya 2: Weka saa yako ya mwisho ya kuamua

Hii ndiyo hatua inayoamua kama utalaumiwa au hutalaumiwa, na haina uhusiano na ufundi wa kuandika. Kikao kinaahirishwa kabla mtu wa mbali zaidi hajatoka nyumbani kwake. Ukichelewa hapo, hata uandike kwa ufasaha namna gani, umemtoa mtu Mtwapa bure.

Tuchukue mfano mmoja tuende nao hadi mwisho. Kikao ni Jumanne tarehe 12, saa nne asubuhi, ofisi iko Moi Avenue. Watu ni sita: mwenyekiti anatoka Nyali kwa gari lake, mhasibu anatoka Likoni, wajumbe wawili wanatoka Mtwapa, mmoja Changamwe, na wewe uko mjini. Hesabu kwa kurudi nyuma. Wa Mtwapa, kwa jam ya asubuhi, hutoka saa mbili. Wa Likoni hutoka saa mbili na nusu ili apate feri na achukue gari upande wa huku. Wa Changamwe anaweza kungoja hadi saa tatu. Mwenye gari usimtumie kama kipimo. Wa mwanzo kutoka ni wa Mtwapa, saa mbili. Mpe nusu saa ya kuona ujumbe kabla hajavaa viatu. Saa yako ya mwisho ni saa moja na nusu.

Ikifika saa moja na nusu na hujui, amua kwa unachokijua. Kosa kubwa la wanaoanza ni kungoja "tuone hadi saa tatu". Saa tatu wawili wa Mtwapa wako juu ya bodaboda, wamelipa mara tatu ya nauli ya kawaida, na ukiwaambia warudi watarudi na kinyongo.

Barabara inapofungwa ghafla watu wakiwa tayari njiani, mambo yanageuka. Hapo usiahirishe, chelewesha. Sogeza kikao saa moja mbele, aliyetoka aendelee na safari. Kuahirisha kunafaa tu kama mliokwama ni zaidi ya nusu, au kama aliyekwama ni yule ambaye bila yeye hakuna kikao.

Na usijitie kumwelekeza mtu njia za kuzunguka. Mwenye gari anayetoka upande wa Diani anaijua barabara ya Dongo Kundu, haina haja ya kufunzwa. Na aliyezuiwa na Daraja la Nyali ukimwambia azungukie Kaloleni na Mazeras, umempa safari ambayo atafika mmeshafunga kikao.

Hatua ya 3: Chagua muda mpya mmoja

Piga simu mbili tu: kwa yule asiyeweza kukosekana, na kwa yule mwenye ratiba ngumu. Katika mfano wetu ni mwenyekiti na mhasibu. Waulize kwa ule muda wa akiba: "Alhamisi saa nne, tuko sawa?" Wakikubali, umemaliza. Usifungue mjadala kwenye grupu wa "ni siku gani inawafaa?" Watu sita watatoa siku nane, na kufikia adhuhuri bado hamna kikao.

Muda mpya usiwe mchana wa siku ileile ya mgomo. Hata mgomo ukivunjwa saa nne, gari hurudi barabarani moja moja, vituo vimejaa, na nauli bado iko juu. Ruka siku moja. Kwa stima ya hitilafu, kesho asubuhi inatosha. Kwa ile iliyotangazwa, angalia orodha tena kabla ya kutaja siku mpya, usije ukahamisha kikao kutoka Nyali leo kwenda Tudor kesho na Tudor nako kumepangiwa kesho.

Siku ya Ijumaa, kuanzia saa sita mchana hadi saa nane, usiweke kitu. Ukiweka saa nne asubuhi, kiwe kikao kifupi kweli, maana kuanzia saa tano na nusu utaona watu wanatazama saa zao.

Hatua ya 4: Andika meseji isiyozidi herufi 160

Kwa nini 160? Meseji moja ya kawaida hubeba herufi 160, nafasi na nukta zikihesabiwa. Ukizidisha, inakatwa vipande vya herufi 153 kila kimoja. Simu nyingi huviunga upya, lakini mtandao ukiwa mbovu kipande cha pili huweza kuchelewa au kisifike, na kila kipande unalipia. Kuna mtego mwingine hapo: ukitia emoji hata moja, nafasi inashuka hadi herufi 70. Alama ya ritifaa iliyopinda, ile ambayo baadhi ya simu huiweka zenyewe unapoandika "ng’", nayo hufanya hivyohivyo. Tumia iliyonyooka, au chagua neno jingine. Simu nyingi huonyesha hesabu ya herufi karibu na kitufe cha kutuma, itazame.

Ndani ya herufi hizo 160 ingiza mambo manne, kwa mpangilio huu: kikao gani na kimefanywa nini, sababu kwa maneno matatu au manne, siku, tarehe, saa na mahali papya, na unachotaka msomaji afanye.

Hivi ndivyo wengi wanavyoandika:

> Habari za asubuhi wapendwa. Natumai nyote mu wazima wa afya. Ningependa kuwajulisha kwamba kutokana na hali isiyoweza kuzuilika iliyotokea leo, ambapo wenye matatu wametangaza mgomo na usafiri umekuwa wa shida sana kila mahali, tumeonelea kwamba mkutano wetu wa leo usogezwe mbele hadi siku nyingine ambayo tutawajulisha. Tunaomba radhi sana kwa usumbufu wowote utakaojitokeza. Ahsanteni na Mungu awabariki.

Hii ni zaidi ya herufi 400, kwa hiyo ni vipande vitatu. Kipande cha kwanza kinakwisha kabla hata mgomo haujatajwa. Mtu anayechungulia simu huku anafunga mlango anaona "Habari za asubuhi wapendwa, natumai nyote", anajiambia atasoma akifika, na anatoka. Baya zaidi, ujumbe wote huo hauna siku mpya. Kila atakayeusoma hadi mwisho atakupigia kuuliza ni lini.

Najua sisi watu wa pwani salamu hatuziachi, na mtu akiingia bila salamu anaonekana amekosa adabu. Lakini salamu na pole zina mahali pake: ni kwenye simu unayompigia mzee au mgeni. Meseji ya dharura kwa watu wote ni tangazo, na tangazo halisalimii.

Sasa ileile, kwa mfano wetu:

> Kikao cha leo Jumanne KIMEAHIRISHWA: mgomo wa matatu. Sasa ni Alhamisi tarehe 14, saa nne asubuhi (10:00), ofisini palepale. Jibu SAWA au nipigie simu.

Herufi 151. Tazama maneno mawili tu yaliyo kwa herufi kubwa: habari yenyewe na jibu unalotaka. Ukiandika zote kubwa hakuna linaloonekana, ukiacha zote ndogo habari yenyewe inazama. Tazama pia kwamba hakuna maelezo ya nani amegoma, kwa nini, wala serikali imesema nini. Kila mtu yuko Mombasa, anajua.

Kwenye saa, usifanye uvivu. Andika saa ya Kiswahili kwa maneno, taja asubuhi au jioni, kisha weka tarakimu za kwenye simu ndani ya mabano. Ukiandika "saa 10" peke yake, nusu ya watu watakuja saa nne asubuhi na nusu watakuja saa kumi jioni, na kila upande utakuwa na haki. Mwenye kalenda ya simu hufuata tarakimu, mzee wa chama hufuata maneno, kwa hiyo mpe kila mmoja chake. Kwa vikao vya jioni, epuka "usiku wa Ijumaa". Kwa wengi wetu hapa huo ni Alhamisi baada ya magharibi, na kwa mgeni kutoka bara ni siku inayofuata. Tarehe inamaliza ubishi.

Neno "kesho" pia liache. Simu iliyozimwa kwa kukosa chaji huwashwa siku inayofuata, na mwenyewe akisoma "kesho" anahesabu kuanzia pale anaposoma.

Kwa stima, kikao cha mtandaoni:

> Stima imepotea ofisini. Kikao cha leo Jumanne KIMEAHIRISHWA. Sasa ni Jumatano tarehe 13, saa tatu asubuhi (9:00), kwa linki ileile. Jibu SAWA.

Kwa barabara iliyofungwa watu wakiwa njiani:

> Daraja la Nyali limefungwa. Kikao cha leo KINAANZA saa tano asubuhi (11:00), si saa nne. Mahali ni palepale. Aliye njiani aendelee kuja.

Maneno manne ya mwisho ndiyo muhimu kuliko yote. Bila hayo, mtu aliyefika Buxton anasimama kando ya barabara hajui arudi au aje.

Hifadhi meseji hizi tatu kwenye simu kama rasimu. Siku ikifika unabadilisha siku, tarehe na saa, basi.

Hatua ya 5: Tuma kwa mpangilio, si kwa mkupuo

Kwanza piga simu kwa wale ambao huenda wameshatoka au wanakaribia kutoka. Katika mfano wetu ni wawili wa Mtwapa, kisha wa Likoni. Sekunde ishirini zinatosha: "Shikamoo bwana, kikao cha leo hakuna, mgomo. Ni Alhamisi saa nne. Nakutumia meseji." Usiingie kwenye stori ya mgomo, bado una wengine.

Pili, tuma meseji ya kawaida kwa wote watano, hata wale uliowapigia. Simu husahaulika, maandishi hubaki.

Tatu, bandika maneno yaleyale kwenye grupu la WhatsApp, bila kubadilisha hata neno. Wengine hupenda kuandika upya wakiwa kwenye grupu, wanaongeza vitu, na hapo ndipo "saa nne" inapokuwa "saa nne na nusu" kwa bahati mbaya na watu wanaanza kuuliza ipi ni ipi. Kama grupu lina mchezo wa kutumiana vibandiko na salamu za asubuhi, ubandike ujumbe juu ili usizame.

Nne, kama kikao kilikuwa kwenye kalenda ya simu au barua pepe, fungua kile kilichopo na ubadilishe tarehe. Usifute na kuunda kipya, na usiunde kipya ukaacha cha zamani. Ukiacha cha zamani, Jumanne dakika kumi kabla ya saa nne simu za watu zitalia kuwakumbusha kikao ambacho hakipo.

Hatua ya 6: Hakikisha wamepata

Baada ya robo saa pitia orodha yako ya karatasi, tia alama kwa kila aliyejibu SAWA. Kwenye WhatsApp, tiki moja ya kijivu maana yake ujumbe umeondoka kwako lakini haujafika kwenye simu yake: imezimwa au haina intaneti. Tiki mbili maana yake umefika, si kwamba umesomwa. Asiyejibu na ana tiki moja, mpigie. Asipopatikana, mpigie mtu wa karibu naye: jirani, mfanyakazi mwenzake, yule anayepanda naye gari moja kila asubuhi.

Usihesabu "watu watatu wameona kwenye grupu" kuwa kazi imekwisha. Wale wawili ambao hawajaona ndio watakaokuja.

Hatua ya 7: Fungua vifungo vya siku ya zamani

Chumba, projekta, na chai. Mama wa mahamri mpigie mapema kuliko unavyofikiri, kwani unga huumuliwa alfajiri na ukichelewa mahamri arubaini yameshaiva na mbaazi iko jikoni. Kama tayari ameanza, yalipe na uyagawe ofisini, usimwachie hasara.

Mambo yakienda kombo

*Umeshatuma, na saa tatu wanatangaza mgomo umevunjwa.* Usirudishe kikao. Watu wameshapanga siku yao upya, na meseji ya pili inayobatilisha ya kwanza itawagawa: waliosoma moja na waliosoma zote mbili. Alhamisi inabaki Alhamisi. Bosi akisisitiza, mwambie ni nani hasa hajapatikana. Kwa kawaida jina la mhasibu likitajwa hoja inakwisha.

*Mmoja amefika tayari.* Mpokee, mpe maji, mwombe radhi uso kwa uso, na kama ana la kusema kuhusu ajenda liandike, ulipeleke Alhamisi. Nauli aliyoilanguliwa mrudishie kama mfuko wa ofisi unaruhusu.

*Mgeni ametoka Nairobi kwa treni ya SGR.* Huyu usimpelekee meseji ya watu wote. Anashukia kituo cha Miritini, na kutoka hapo hadi kisiwani huenda akategemea barabara ileile iliyofungwa au matatu zilezile zilizogoma. Mpigie kabla treni haijafika, na uwe na jibu la swali lake la kwanza: nalala wapi, au narudi lini? Kama amekuja kwa ajili ya kikao hicho tu, afadhali wachache walioko kisiwani wakutane naye kwa saa moja leo, na kikao kamili kibaki Alhamisi.

*Saa mbili tofauti zinazunguka.* Mtu amesambaza ujumbe wa zamani, au amenakili vibaya. Usibishane kwenye grupu. Tuma ujumbe mmoja unaoanza na neno SAHIHI, utaje siku, tarehe na saa, halafu wapigie wale ambao hawajajibu SAWA.

*Mtandao wenyewe umekufa.* Stima imepotea muda mrefu, betri za minara zimekwisha, simu haziiti. Hapo kinachobaki ni mtu kwa mtu. Mtume kijana wa bodaboda mwenye karatasi kwa yule wa mbali aliye muhimu, na bandika karatasi mlangoni mwa ofisi kwa maneno yaleyale ya meseji. Askari wa getini mpe nakala, asimueleze mtu kwa kichwa.

*Tarehe mpya nayo imeharibika.* Matatu zimerudi lakini Jumatano usiku stima imepotea, au feri ina hitilafu. Mara ya pili usitangaze siku ya tatu kwa kukisia. Punguza kikao: chukua yale yanayoweza kuamuliwa kwa simu na mwenyekiti pamoja na mhasibu, yaandike, yatume kwa wote wayapitishe kwa kujibu. Yaliyobaki, yale ya sahihi na ya hesabu, yatafutie siku baada ya kupiga simu zile mbili za Hatua ya 3, na kwenye meseji badilisha neno moja: badala ya KIMEAHIRISHWA, andika KIMEAHIRISHWA TENA, ili msomaji asidhani ni ile ya Jumanne anaisoma upya.